Kubadili ramani nyumba ikiwa inajengwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu variesheni

Majibu haya ni ya wenye nyumba, mafundi na wakandarasi wadogo wa Tanga. Karibu yote yanafuata mfano mmoja, kwa sababu ndio unaojitokeza saiti mara nyingi kuliko mingine: nyumba ya ghorofa moja maeneo ya Sahare, kuta za chini zimefika usawa wa linta, na mwenye nyumba anasema ukuta wa kati ya sebule na chumba cha kulia utolewe, pawe ukumbi mmoja mpana. Bei nilizotumia ni za mfano, zimewekwa ili hesabu ifuatike. Bei zako ni zile zilizoandikwa kwenye mkataba wako.

Variesheni ni nini hasa?

Ni amri ya maandishi inayobadilisha kazi iliyokubaliwa kwenye mkataba: kuongeza, kupunguza, kuhamisha kitu, au kubadili aina ya kitu. Kwenye mkataba wa nyumba amri hiyo kwa kawaida hutolewa na mbunifu majengo au mhandisi anayesimamia kwa niaba ya mwenye nyumba. Mkandarasi akishaipokea anawajibika kuitekeleza, na mwenye nyumba anawajibika kuilipia.

Watu wengi wanasahau neno "kupunguza". Ukiondoa ukuta, kuna kazi ambayo mkandarasi hataifanya tena, na thamani yake inapaswa kurudi kwako. Variesheni inayoorodhesha nyongeza peke yake haijakamilika.

Ni ukuta mmoja tu. Mhandisi wa nini?

Kwa sababu ukuta ule umebeba slabu. Tuupime. Una urefu wa mita 5, na slabu imetandazwa mita 4 upande huu na mita 4 upande ule, kwa hiyo ukuta unapokea nusu ya kila upande: ukanda wenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 5, yaani mita za mraba 20. Slabu ya unene wa milimita 150 ina uzito wa karibu kilo 360 kwa mita ya mraba. Ongeza vigae, plasta ya dari, watu na vyombo, unafika kama kilo 650. Zidisha kwa 20: tani 13. Hapo bado mhandisi hajaweka kiwango chake cha usalama, wala hatujagusa ukuta wowote utakaosimama juu ya slabu.

Tani hizo 13 zilikuwa zinashuka kwa upole kwenye msingi wote wa mita 5, tani mbili na nusu hivi kila mita. Ukitoa ukuta na kuweka bimu, mzigo huohuo unakimbilia kwenye ncha mbili za bimu, tani sita na nusu kila upande, pamoja na uzito wa bimu yenyewe. Msingi wa ukuta haukuchimbwa kwa ajili ya mzigo wa namna hiyo mahali pamoja. Ndiyo maana mwenye nyumba anayeomba kutolewa ukuta anajikuta amenunua bimu, nguzo mbili na misingi miwili ya nguzo.

Fundi akikwambia "tutapitisha nondo nne tu pale juu, mama, haina shida", mwombe akuonyeshe mzigo wa nguzo unaishia wapi chini. Kama jibu ni jamvi, kazi isimame. Jamvi ni sakafu tu, halikuwekwa kubeba nguzo.

Kuna jambo jingine ambalo mhandisi na mbunifu wanatakiwa wakueleze kabla hujakubali. Bimu hiyo itaning'inia chini ya slabu kwa karibu milimita 300. Kama kimo chako cha ndani ni mita 3, chini ya bimu utabaki na mita 2.7, na bimu itaonekana katikati ya ukumbi uliotaka uwe wazi. Wengine wakiona mchoro wake wanaghairi, na kughairi siku hiyo ni bure.

Itanigharimu kiasi gani?

Ukuta ulikuwa uwe na kimo cha mita 3. Umeshajengwa hadi mita 2.1. Hesabu inakaa hivi:

| Kinachoongezeka | Shilingi |
|---|---|
| Kubomoa ukuta na kutoa kifusi | 150,000 |
| Kuvunja jamvi na kuchimba misingi ya nguzo mbili | 180,000 |
| Zege, mita za ujazo 1.4 kwa 380,000 | 532,000 |
| Nondo, kilo 200 kwa 3,800 | 760,000 |
| Fomu ya kumwagia zege, mita za mraba 10.5 kwa 25,000 | 262,500 |
| Plasta na rangi ya bimu na nguzo, mita za mraba 8 kwa 19,000 | 152,000 |
| Jumla | 2,036,500 |

| Kinachopungua | Shilingi |
|---|---|
| Ukuta ambao haujajengwa, mita za mraba 4.5 kwa 38,000 | 171,000 |
| Plasta na rangi pande mbili za ukuta, mita za mraba 30 kwa 19,000 | 570,000 |
| Jumla | 741,000 |

Tofauti ni shilingi 1,295,500. Mkandarasi aliyesajiliwa kwa VAT ataongeza asilimia 18, na utafika 1,528,690. Ada ya mhandisi kwa hesabu na mchoro mpya haimo humo. Hiyo ni makubaliano yako na yeye.

Tazama kinachopungua. Kwenye nukuu nyingi za mabadiliko ninazoletewa kukagua, upande huo haupo kabisa. Plasta na rangi ya ukuta uliotoweka hubaki kwenye mkataba wa awali kimyakimya, na mwenye nyumba anazilipia kwenye cheti cha mwisho cha malipo bila kujua. Anayekagua aanzie hapo.

Ule ukuta uliokwisha kujengwa, naulipia?

Ndiyo. Mkandarasi aliujenga kwa ramani uliyompa, kazi ikafanyika, vifaa vikatumika. Unaulipia kujengwa na unalipia kubomolewa. Kama matofali mengine yatatoka mazima, semeni mapema yatakuwa ya nani. Yakitumika tena kwenye kazi, bei ya mahali yatakapotumika ishuke.

Ningeamua mapema ingekuwa nafuu kiasi gani?

Chukua badiliko hilohilo, ila liamuliwe kabla msingi haujachimbwa. Hakuna cha kubomoa. Misingi ya nguzo inachimbwa pamoja na mingine, tuseme kwa 60,000 badala ya 180,000. Na ukuta wote wa mita za mraba 15 unaondoka kwenye hesabu, siyo kipande cha juu tu. Nyongeza inakuwa 1,766,500, punguzo 1,140,000, tofauti 626,500. Chini ya nusu. Na hapo sijatoa msingi wa ukuta wenyewe, ambao nao usingechimbwa.

Sasa lipeleke upande wa pili: slabu imeshamwagwa na imekauka. Hapa sitoi bei, maana bei za mkataba hazifiki huko. Slabu inabidi ishikiliwe kwa mirunda pande zote mbili kabla tofali la kwanza halijatolewa. Bimu inatengenezwa chini ya slabu iliyopo, kwa hiyo haishikamani nayo kama ambavyo ingemwagwa pamoja, na kwa sababu hiyo mara nyingi inatakiwa iwe nene zaidi na ishuke chini zaidi. Zege halipandi likajaza vizuri hadi juu, linaacha mwanya kati ya bimu na slabu, na mwanya huo lazima ujazwe kwa udongo maalumu wa saruji usiosinyaa. Ukiachwa, siku mirunda inatolewa slabu inashuka kufuata bimu, na nyufa zinaonekana kwenye sakafu ya juu, zikifuata mstari wa ukuta uliokuwepo.

Ukiona nyufa za namna hiyo juu ya mahali palipotolewa ukuta, rudisha mirunda siku hiyohiyo, kisha umwite mhandisi.

Bei za variesheni zinatoka wapi? Mkandarasi anaweza kusema anavyotaka?

Hawezi, kama mkataba wako una mchanganuo wa kazi na bei. Kazi inayofanana na ya mkataba, katika mazingira yaleyale, inalipwa kwa bei ya mkataba. Zege la bimu hii ni zege lilelile la bimu nyingine. Kazi inayofanana lakini mazingira yamebadilika, bei ya mkataba inachukuliwa na kurekebishwa: kuchimba msingi wa nguzo ndani ya nyumba, chini ya jamvi, kwa sululu na ndoo, si sawa na kuchimba uwanja ukiwa mtupu. Mkandarasi akiomba zaidi hapo ana haki, ila aonyeshe mchanganuo.

Kazi isiyokuwepo kabisa kwenye mkataba, kama kubomoa ukuta, inajengewa bei mpya kutokana na vifaa, vibarua, vyombo na faida. Ikishindikana kupima kabla, inalipwa kwa siku: karatasi ya kila siku yenye majina ya mafundi, saa walizofanya na vifaa vilivyotumika, isainiwe jioni ileile na mtu wa mwenye nyumba. Karatasi ya kazi ya siku iliyoletwa baada ya wiki tatu haina thamani kubwa, maana hakuna anayekumbuka vibarua walikuwa wanne au sita.

Kosa moja la kuangalia: bei za mkataba tayari zina faida na gharama za uendeshaji ndani yake. Nukuu inayotumia bei hizo halafu chini inaongeza "faida asilimia 15" inatoza faida mara mbili.

Kama mkataba wako ni wa bei moja ya jumla bila mchanganuo, huna pa kushika. Omba orodha ya bei za kazi kuu kabla ya kusaini: zege, nondo, fomu, ukuta, plasta, rangi. Ukurasa mmoja unatosha.

Mkandarasi anadai siku 12 zaidi. Ni haki?

Tuzifungue. Siku 5 mhandisi anapiga hesabu na kuchora. Siku 3 kubomoa na kuchimba. Siku 4 kumwaga misingi ya nguzo na kusimamisha nguzo zenyewe. Jumla 12, kweli.

Lakini swali la muda haliulizi kazi mpya inachukua siku ngapi. Linauliza tarehe ya mwisho inasogea siku ngapi. Zile siku 5 za mchoro, mafundi walikuwa wanapandisha kuta nyingine kutoka linta hadi usawa wa slabu, kazi ambayo ingefanyika tu hata bila badiliko. Hawakusimama. Kilichosimama ni kufunga fomu ya slabu, ambayo haiwezi kuanza kabla nguzo mbili hazijawa tayari. Kwa hiyo ucheleweshaji halisi ni siku 7, na ndizo nyongeza anayostahili. Bimu yenyewe haina siku zake, inafungwa na kumwagwa pamoja na slabu. Ila mirunda iliyo chini yake inakaa muda mrefu kuliko ya slabu, na tarehe ya kuitoa anaitaja mhandisi, kwa maandishi.

Masika yakiwa yanakaribia, jibu linaweza kubadilika. Pwani yetu mvua kubwa ni Machi hadi Mei. Siku 7 zinazosukuma uchimbaji na umwagaji wa zege kutoka Februari mwishoni kuingia Machi zinaweza kuzaa nyingine, na mkandarasi anaruhusiwa kuzidai akionyesha kwamba bila badiliko angekuwa ameshamaliza. Aonyeshe kwa ratiba na daftari la saiti.

Aseme pia mapema. Mikataba inayofuata masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inampa siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu jambo linalompa haki ya kudai. Zikipita bila taarifa, dai linaanguka. Mikataba mingine ina muda wake, usome wako.

Kwa mwenye nyumba: usikatae kuongeza siku ambazo badiliko lako limezila. Huwezi kumkata mkandarasi fidia ya kuchelewa kwa siku ulizomchelewesha wewe, na ukikaa kimya unaifungua tarehe ya mwisho kwenye ubishi ambao hautafungika kirahisi.

Michoro ipi inabadilika?

Mingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa ukuta huu mmoja: ramani ya chini, mchoro wa mkato, ramani ya misingi, mpangilio wa bimu na slabu, mchoro wa nondo za bimu na nguzo, orodha ya kukunja nondo, na ramani ya umeme.

Umeme ndio unaosahaulika. Ukuta ulioondolewa ulikuwa na swichi ya taa za chumba cha kulia na soketi mbili. Mabomba ya nyaya yanashuka kutoka kwenye slabu, na slabu ikimwagwa kwa ramani ya zamani, mabomba yatatokeza chini katikati ya ukumbi mahali pasipo na ukuta tena. Dawa yake baada ya hapo ni kuchimba mfereji kwenye slabu mpya, na anayechimba hukutana na nondo. Kwa hiyo kabla ya siku ya zege, fundi umeme asimame juu ya fomu na ramani mpya mkononi, akague bomba moja moja.

Saiti tutajuaje ramani ipi ndiyo ya sasa?

Kila mchoro unaobadilika unapewa herufi ya toleo: A, kisha B, kisha C. Sehemu iliyobadilika inazungushiwa mstari kama wingu, pembeni kuna pembetatu ndogo yenye herufi hiyo, na kwenye kisanduku cha chini panaandikwa tarehe na maneno machache, mfano "Ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia umeondolewa, bimu mpya imewekwa". Mchoro uliobadilishwa bila kubadilishwa herufi ni hatari kuliko ambao haukubadilishwa kabisa, kwa sababu watu wawili watabishana kila mmoja akiwa na karatasi "sahihi".

Nakala za zamani zikusanywe. Siyo kusema tu "tumieni mpya". Mkunja nondo ana nakala yake chini ya turubai, fundi umeme anayo kwenye begi, mwenye nyumba kwenye simu. Msimamizi awe na orodha ya waliopewa, achukue ya zamani ndipo atoe mpya, na nakala moja ya zamani ipigwe mhuri wa kubatilishwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya hesabu ya mwisho. Kabla ya zege, linganisheni herufi iliyo kwenye mchoro wa nondo na iliyo kwenye ramani ya misingi. Kama mmoja ni B na mwingine bado A, ulizeni kwanza.

Nilimwambia kwa simu, na kwa sauti ya WhatsApp. Haitoshi?

Haitoshi kwa kuanzia kubomoa. Wenye nyumba wengi wa Tanga wanaishi Dar au nje ya nchi, na ujumbe wa sauti ndio njia yao, hilo linaeleweka. Ila sauti haisemi urefu, haina bei, haina mchoro.

Mkandarasi aliyeamriwa kwa mdomo ajilinde kwa kuandika yeye mwenyewe: "Leo umetuagiza tuondoe ukuta huu. Tunasubiri mchoro na idhini ya bei." Chini ya FIDIC ya 1999, mkandarasi akithibitisha amri ya mdomo ya mhandisi kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asijibu ndani ya siku 2 za kazi, amri hiyo inahesabika kuwa ya maandishi. Hata kama mkataba wako si huo, tabia hiyo itakusaidia.

Amri yenyewe iandikweje?

Fupi, lakini isiwe na tundu. Kwa mfano wetu:

> Variesheni Na. 3. Ondoa ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, urefu wa mita 5. Jenga bimu, nguzo mbili na misingi yake kwa mchoro wa mhandisi toleo B. Hamisha swichi na soketi kwa ramani ya umeme toleo B. Nyongeza 2,036,500, punguzo 741,000, tofauti 1,295,500 kabla ya VAT. Muda umeongezwa siku 7. Kubomoa kusianze kabla michoro mipya haijakaguliwa na mhandisi.

Tarehe, saini ya anayeamuru, saini ya mkandarasi. Bei ikiwa bado haijakubaliwa na kazi haiwezi kusubiri, andika "bei itapimwa kwa bei za mkataba", usiache wazi.

Nahitaji kurudi halmashauri?

Kibali chako cha ujenzi kilitolewa kwa michoro iliyopitishwa. Ukigusa kinachobeba nyumba, ukubwa wake, umbali kutoka mpakani au matumizi yake, michoro mipya ipelekwe Halmashauri ya Jiji kabla ya kazi, ikiwa na saini za wataalamu waliosajiliwa. Kubadili aina ya vigae au rangi hakuhitaji safari hiyo. Ukuta wetu uko kwenye kundi la kwanza.

Sina mkandarasi, ninanunua vifaa mwenyewe na fundi namlipa kwa hatua. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, kwa ufupi zaidi. Badiliko linagusa ufundi na vifaa. Mpatane bei ya kubomoa na ya kazi mpya kabla hajashika nyundo, iandikwe kwenye daftari lenye saini zenu wawili, na hatua aliyokuwa anaidai ipunguzwe kwa kazi ambayo haitafanyika. Mhandisi unamhitaji vilevile, tani 13 ni zilezile.

Angalia pia zege dogo. Mita za ujazo 1.4 zinashawishi watu wachanganye kwa macho, kwa mchanga wowote uliobaki. Saruji si tatizo Tanga, kiwanda kiko Pongwe. Tatizo ni mchanga wenye chumvi ya bahari, unaoozesha nondo ndani ya nguzo zilizobeba ukumbi wako. Tumia vipimo vya mchanganyiko alivyoandika mhandisi na mchanga uleule uliokubaliwa kwa slabu.

Fundi alijenga ukuta mahali siyo, sasa anaita kuurekebisha variesheni.

Siyo variesheni. Kama ramani iliyokuwa saiti ilikuwa sahihi na yeye hakuifuata, anarekebisha kwa gharama yake na siku ni zake. Ila aliyepewa ramani ya toleo la zamani na hakuna aliyemletea mpya ana hoja, na hapo orodha ya waliopewa nakala ndiyo inayoamua.

Kazi ikiisha, michoro ya mwisho inabaki kwa nani?

Nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba, nyingine kwa mhandisi. Iwe michoro inayoonyesha kilichojengwa kweli: bimu ilipo, nondo zake, misingi ya nguzo na njia za mabomba ya umeme ndani ya slabu. Picha za nondo zilizopigwa kabla ya kumwaga zege, zikiwa na futi iliyotandazwa pembeni, ziambatanishwe humo. Atakayetaka kutoboa au kuongeza ghorofa baadaye ataanzia kwenye karatasi hizo.